Open, Moderate, Strict: maswali kuhusu NAT ya konsoli na mabadiliko ya ruta yanayosaidia

Maneno haya matatu yanapima nini hasa?

Yanapima jambo moja tu: kama mchezaji mwingine anaweza kukutumia pakiti moja kwa moja na ikafika kwenye konsoli yako. Hayapimi kasi ya intaneti, nguvu ya waifai wala ukubwa wa kifurushi.

Vifaa vyote vya nyumbani hutoka nje kwa anwani moja, na ruta ndiyo inayokumbuka nani ametuma nini. Konsoli yenye anwani 192.168.0.50 ikituma pakiti, ruta inaandika kwenye jedwali lake: pakiti hii ni ya 192.168.0.50, imetokea poti fulani, yaani namba ya mlango, upande wa nje, jibu likija kwenye poti hiyo lipelekwe kwake. Kazi hiyo ndiyo NAT. Pakiti inayokuja bila kuwa na mstari wake kwenye jedwali hutupwa.

Ukiwa Open, poti yako iko wazi kwa yeyote, hata ambaye konsoli yako haijawahi kuwasiliana naye. Ukiwa Moderate, poti yako ya nje inajulikana na haibadiliki, lakini ruta inapokea pakiti kutoka kwa wale tu ambao wewe umetangulia kuwatumia. Ukiwa Strict, mara nyingi ruta inakupa poti mpya ya nje kwa kila unayewasiliana naye. Hapo ndipo mambo yanapoharibika: seva ya gemu inakuona kwenye poti ya 50211 na kumwambia mwenzako akutafute hapo, kumbe ukianza kumtumia yeye ruta inakutoa kwenye poti ya 50364. Anabisha hodi kwenye mlango ambao si wako.

Kwa nini rafiki mmoja naingia naye bila shida na mwingine kila siku inagoma?

Kwa sababu kinachoamua ni hali zenu wote wawili. Mwenye Open anakutana na kila mtu. Moderate na Moderate hukutana, kwa kuwa seva huwaambia mtumiane kwa wakati mmoja na kila ruta inaona kwamba mtu wake ndiye aliyetangulia. Moderate na Strict hushindwana: yule wa Moderate anangoja pakiti kutoka poti aliyotajiwa, ya mwenzake inakuja kutoka poti nyingine, inatupwa. Strict kwa Strict ndiyo usiseme. Strict anabaki na watu wa Open pekee.

Kwa hiyo kama mnaokutana wanne na mmoja ni Strict, dalili ya kawaida ni hii: anaingia kwenye chumba cha gemu lakini anamsikia mmoja tu kati yenu, yule wa Open, wengine kimya. Maikrofoni haina kosa.

Naangalia wapi hali yangu?

Kwenye Xbox, nenda Settings, General, Network settings, kisha Test NAT type. Kwenye PS5, nenda Settings, Network, Connection Status, kisha Test Internet Connection. Kwenye Nintendo Switch, nenda System Settings, Internet, Test Connection.

Xbox hutumia maneno yenyewe. PlayStation hutumia namba: Type 1 ni konsoli iliyounganishwa moja kwa moja bila ruta, Type 2 iko nyuma ya ruta na mambo yanakwenda, Type 3 ndiyo ya kuhangaikia. Switch hutumia herufi: A na B ni nzuri, C na D zinasumbua, F haichezi na wengine.

PS5 yangu inasema Type 2. Nihangaike kutafuta Type 1?

Hapana. Type 1 maana yake umeondoa ruta katikati, na hakuna sababu ya kufanya hivyo. Type 2 inatosha.

Lakini kuna jambo linalowachanganya wengi: konsoli inasema Type 2, halafu ukifungua Call of Duty, ndani ya gemu imeandikwa NAT Type: Moderate. Vyote viwili ni kweli. Konsoli inapima njia yake, gemu linapima poti yake lenyewe, na kwa Call of Duty poti hiyo ni UDP 3074; UDP na TCP ni njia mbili za kusafirisha pakiti. Ukitaka kurekebisha gemu fulani, fuata kinachosomeka ndani ya gemu hilo.

Nianze kubadilisha nini kwenye ruta?

Usibadilishe chochote kwanza. Hesabu kwanza NAT ziko ngapi kati ya konsoli na intaneti, maana wengi hufungua poti kwenye ruta isiyo ya mwisho na kushangaa mbona hakuna kinachobadilika.

Ingia kwenye kifaa cha mwisho kabisa, kile ambacho waya wa faiba, laini ya simu au antena inaishia. Tafuta ukurasa wa Status au WAN, yaani upande wa intaneti, soma anwani ya IP iliyopo hapo. Kisha, kwenye simu iliyounganishwa na waifai hiyo hiyo (data ya simu izime), fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikilingana, hakuna NAT nyingine nje ya nyumba yako na kila kitu kiko mikononi mwako. Zisipolingana, kuna NAT nyingine huko mbele ambayo huwezi kuigusa, nayo huitwa CGNAT. Nenda moja kwa moja kwenye swali lake hapa chini, kwa sababu hayo mengine yatakupotezea jioni yako bure.

Baada ya hapo, kama una ruta yako mwenyewe nyuma ya kifaa hicho, angalia pia WAN ya ruta yako. Ikianza na 192.168, 10, au kati ya 172.16 na 172.31, una NAT mbili ndani ya nyumba. Xbox hukusaidia hapa: huandika "Double NAT detected".

NAT mbili nyumbani zinarekebishwaje?

Tuchukue hali inayopatikana nyumba nyingi za faiba. Kisanduku cha faiba kina anwani 192.168.100.1 na tayari kinafanya NAT. Mwenye nyumba amenunua ruta ya TP-Link kwa sababu waifai haifiki chumbani, akachomeka waya kutoka kisanduku hadi mlango wa WAN wa ruta. Ruta ikapewa 192.168.100.7 upande wa nje, na ndani ikawa 192.168.0.1. Xbox iko 192.168.0.50.

Xbox ikiomba poti 3074 ifunguliwe, ruta inakubali. Jedwali lake linaonyesha mstari safi kabisa. Lakini pakiti ya mchezaji mwingine inafika kwanza kwenye kisanduku cha faiba, ambacho hakijaambiwa chochote, na inaishia hapo.

Njia rahisi ni kuifanya ruta iache NAT na ibaki kueneza waifai tu. Kama menyu yake ina Operation Mode, chagua Access Point, uhifadhi, uiache ijiwashe upya. Ruta ya zamani isiyo na chaguo hilo hurekebishwa kwa mkono, na mpangilio wa hatua una maana. Kwanza chomoa waya kwenye mlango wa WAN, kisha badilisha anwani ya ndani ya ruta iwe 192.168.100.2, baada ya kuhakikisha kwamba kisanduku hakigawi namba hiyo kwa kifaa kingine. Ingia tena kwa anwani hiyo mpya, uzime DHCP Server, inayogawa anwani kwa vifaa. Mwisho chomeka waya ule kwenye mlango mmojawapo wa LAN. Ukizima DHCP kabla ya kubadilisha anwani, laptopu yako ikipoteza anwani yake utajikuta huwezi kuingia tena, na utalazimika kuiandikia laptopu anwani kwa mkono.

Zima na uwashe Xbox. Sasa inapaswa kupata anwani ya 192.168.100 na kitu, na UPnP, njia ya konsoli kuomba poti yenyewe, inatakiwa iwe imewashwa kwenye kisanduku cha faiba, si kwenye ruta.

Njia ya pili ni kinyume chake: kisanduku kiwekwe bridge, yaani kipitishe tu bila kufanya NAT, ruta yako ishike kazi yote. Ni nzuri zaidi kama ruta yako ina nguvu kuliko kisanduku, ila mara nyingi lazima umpigie mtoa huduma, akupe pia jina na nywila ya PPPoE kama anatumia mfumo huo. Kama simu ya mezani au televisheni inapita kwenye kisanduku hicho, uliza kabla, isije ikakatika.

Ikishindikana zote mbili, weka DMZ kwenye kisanduku ielekee 192.168.100.7, yaani ruta yako. Kila kinachokuja kitasukumwa hadi kwenye ruta, na ruta itaendelea kuchuja. Xbox bado inaweza kukulalamikia kuhusu NAT mbili, lakini Open itapatikana.

Nimewasha UPnP lakini bado ni Moderate. Kwa nini?

UPnP huiruhusu konsoli iiombe ruta ifungue poti bila wewe kuandika kitu. Kwenye TP-Link iko Advanced, NAT Forwarding, UPnP. Kwenye ruta nyingine huwa chini ya NAT, Forward au Advanced.

Ukiiwasha, konsoli haijui. Nayo huomba inapowaka, si kila dakika. Xbox iliyolala kwenye Sleep haijazimika. Bonyeza kitufe cha mbele kwa sekunde 10 hadi izime kabisa, kisha uiwashe na upime tena. Halafu rudi kwenye ukurasa wa UPnP wa ruta na usome jedwali. Kwa Xbox utaona mstari wa UDP wenye neno Teredo na namba 3074. Kwa PlayStation mara nyingi ni UDP 9308. Jedwali likiwa tupu, konsoli haijasikika: pengine iko kwenye waifai ya wageni, ambayo imetengwa na mtandao wa ndani kwa makusudi.

Mstari ukiwepo na hali bado ni Moderate, kuna sababu mbili za kushuku. Ya kwanza ni NAT nyingine mbele, tumeshaizungumza. Ya pili ni kwamba umewahi kufungua 3074 kwa mkono ikielekea anwani nyingine, na sheria hiyo bado ipo. Sheria ya mkono na ombi la UPnP kwa poti ile ile hugongana. Chagua moja, futa nyingine.

Nikitaka kufungua poti kwa mkono, ni zipi?

Kwanza ifungie konsoli anwani yake, la sivyo wiki ijayo poti itakuwa imeelekezwa kwa simu ya mgeni. Kwenye TP-Link ni Advanced, Network, DHCP Server, Address Reservation. Unaandika anwani ya MAC ya konsoli, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, na IP unayotaka. Kumbuka konsoli ina MAC mbili, ya waya na ya waifai. Ukihama kutoka waifai kwenda waya bila kubadilisha hapo, kila kitu kinavunjika kimya kimya.

Kwa Xbox, orodha rasmi ni ndefu: UDP 88, 500, 3544, 4500, kisha 53 na 3074 kwa UDP na TCP, na TCP 80. Usiogope. Nyingi kati ya hizo konsoli yenyewe ndiyo inayoanza kutuma, na ruta ya kawaida haizuii kinachotoka. Inayoamua Open au Moderate ni UDP 3074. Anza na hiyo peke yake.

Kwa PlayStation, fungua UDP 3478 na 3479, na TCP 3478 hadi 3480. Ukicheza Call of Duty ongeza 3074.

Tuna konsoli mbili nyumbani, moja inapata Open na nyingine inabaki Moderate.

Zote zinagombea 3074, na poti moja ya nje haiwezi kwenda sehemu mbili. Kompyuta yenye Call of Duty nayo inaingia kwenye ugomvi huo huo.

Kama ni Xbox mbili, ya pili ipeleke Network settings, Advanced settings, Alternate port selection, uzime uchaguzi wa moja kwa moja na uchague poti nyingine kwenye orodha. Acha UPnP ifanye kazi, au fungua kwa mkono 3074 kwa ya kwanza na ile namba mpya kwa ya pili. Usijaribu DMZ hapa: inahudumia kifaa kimoja tu.

Ruta yangu ni MikroTik, sioni swichi ya UPnP.

Ipo, ila imezimwa na inataka uiambie upande wa nje ni upi. Fungua Terminal:

```
/ip upnp set enabled=yes
/ip upnp interfaces add interface=ether1 type=external
/ip upnp interfaces add interface=bridge type=internal
```

Kosa linalojirudia ni kuandika ether1 wakati intaneti inaingia kwa PPPoE. Hapo upande wa nje ni pppoe-out1, ether1 ni waya tu. Na jina la bridge liandike kama lilivyo kwenye ruta yako. Ukitaka poti moja kwa mkono:

```
/ip firewall nat add chain=dstnat in-interface=pppoe-out1 \
  protocol=udp dst-port=3074 action=dst-nat \
  to-addresses=192.168.88.50 to-ports=3074
```

WAN yangu inaanza na 100. Ni anwani ya umma?

Inategemea namba ya pili. Kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni anwani zilizotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Hiyo ndiyo CGNAT. Wengine hutumia 10 kitu kwa kazi ile ile.

Hapa UPnP, DMZ na poti za mkono havifiki popote, kwa kuwa jedwali linaloamua liko kwenye mitambo ya kampuni. Inawezekana bado ukapata Moderate, kama mitambo yao inashikilia poti ile ile kwa kila unayewasiliana naye; isiposhikilia, utakuwa Strict.

La kufanya ni kuomba anwani ya IP ya umma. Sema hivyo hivyo, usiseme "NAT yangu ni mbovu", maana wa huduma kwa wateja atakwambia uzime na uwashe ruta. Si lazima iwe ya kudumu: anwani ya umma inayobadilika kila unapowasha ruta inatosha kwa gemu, na mara nyingine ni nafuu. Kuna kampuni zinazoitoa kwa vifurushi vya biashara pekee.

Kama mtoa huduma anakupa IPv6, iwashe kwenye ruta. Xbox inaitumia kwa mawasiliano ya moja kwa moja, na IPv6 haina haja ya NAT. Lakini fayawoli ya ruta bado inaweza kuzuia kinachoingia, na mwenzako naye lazima awe nayo.

VPN inayokubali kufungua poti pia inawezekana, ikiwekwa kwenye ruta. Gharama yake ni safari ndefu: kila pakiti inapitia kwanza kwenye seva ya VPN. Ikiwa iko Ulaya na mnaocheza wote mko Mombasa na Dar es Salaam, utakuwa umebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine.

Nacheza kwa hotspot ya simu. Kuna namna?

Kidogo sana. Simu inafanya NAT yake, mtandao wa simu kwa kawaida unafanya nyingine, na simu haina ukurasa wa UPnP wala poti. Ruta ya laini ya simu inaondoa NAT ya simu, lakini CGNAT ya mtandao inabaki hadi uombe anwani ya umma. Kwa hotspot, tegemea magemu yanayoendeshwa na seva za kampuni.

Nikipata Open, ping itashuka?

Hapana. Ping ni umbali na foleni. Kama seva ya gemu iko Afrika Kusini, Ghuba au Ulaya, umbali huo haupungui kwa kufungua poti. Kwenye gemu la seva, konsoli yako ndiyo inayoanza kutuma, kwa hiyo hata Strict inacheza. Utakachokiona baada ya kurekebisha ni kupata wachezaji haraka zaidi, sauti za wenzako kusikika zote, na kuweza kuwa mwenyeji wa chumba kwenye magemu ambayo mchezaji mmoja ndiye anayebeba wenzake.

Kama shida yako ni kuruka-ruka kwa picha wakati mwingine nyumbani anapakua kitu, tafuta QoS kwenye ruta, sehemu ya kuipa konsoli kipaumbele, au vuta waya hadi kwenye konsoli.

Kuna hatari kuacha UPnP au DMZ?

UPnP haiulizi nywila. Programu yoyote iliyo ndani ya mtandao, ikiwemo virusi kwenye laptopu au kamera ya bei rahisi isiyosasishwa, inaweza kuomba poti ifunguliwe na ikapewa. Ukiwa na vifaa vya aina hiyo, izime na ufungue poti moja au mbili kwa mkono.

DMZ ikielekezwa kwenye konsoli, hatari yake ni ndogo, kwani konsoli haiendeshi huduma nyingi za kusikiliza. Hatari kubwa huja kwa kusahau: konsoli inauzwa, anwani yake inachukuliwa na kompyuta ya kazini, na kompyuta hiyo inabaki wazi kwa dunia nzima. Ndiyo maana DMZ iwe ya mwisho kujaribiwa, na ukiitumia, ifunge ile anwani kwa MAC ya konsoli.

Ilikuwa Open mwezi mzima, leo ni Moderate na sijagusa kitu.

Anza na WAN. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaunganishwa upya na inaweza kupewa anwani ya CGNAT badala ya ile ya umma. Ikiwa WAN bado ni ya umma, angalia kama konsoli imebadilisha anwani ya ndani, kisha jedwali la UPnP: mara nyingine mstari wa zamani umeganda ukiwa na anwani ambayo haipo tena. Kuzima ruta kwa dakika moja hufuta mstari huo. Washa ruta kwanza, ngoja intaneti irudi, ndipo uwashe konsoli. Ukiziwasha pamoja, konsoli inaweza kuomba poti kabla ruta haijawa tayari, na hali ikabaki Moderate hadi utakapoizima tena.